Sikio la Upande wa Dirisha

Sikio langu la kulia halikuwa na neno. La kushoto ndilo lililoanza vituko, juu kwenye ukingo, karibu na pale mkono wa miwani unapopumzika. Palitokea kigaga kidogo, kikavu, kigumu kama punje ya chumvi ya mawe. Nikikibandua kinatoka na tone la damu, panakaa siku kadhaa kama pamepona, halafu kinarudi palepale. Nililaumu miwani. Nikauzungushia mkono wake kitambaa laini, nikaona kesi imekwisha.

Madam hakukubali kwamba imekwisha. Madam ndiye mwenye chumba cha ushonaji ninapofanya kazi, orofa ya kwanza, katikati ya mji wa Nyeri. Tunashona sare za shule. Ni mama mtu mzima, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde na akasikia. Asubuhi moja aliinama mezani pangu kuchukua mkasi, akabaki ameinama.

"Hiyo sikio yako imefanya nini?"

"Ni miwani."

"Miwani iko na mikono mbili. Mbona inauma sikio moja?"

Swali hilo lilinikasirisha. Nikamwambia akimaliza na mkasi wangu anirudishie.

Nina ualbino. Naona niseme mapema, ili msomaji asishangae mbona sikio moja liitishe mkutano. Ngozi yangu haina ile rangi inayowakinga wengine, kwa hiyo jua ambalo wenzangu wanaliita la asubuhi tu, la kupasha mwili joto, mimi linaniunguza. Macho nayo yana tabia zake. Hayaoni mbali, hayatulii, na mwanga mkali ukiyapiga yanafumba yenyewe. Lakini mwanga ukipungua siwezi kutofautisha uzi na kitambaa. Yaani kitu kile ninachokikimbia ndicho ninachokihitaji nipate kula. Tangu utotoni naliona jambo hili kama mzaha ambao mtu fulani alinifanyia, akasahau kucheka.

Mama yangu ndiye aliyekuwa na utaratibu. Tulikaa Mweiga, na alikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa. Akishakamua alinawa mikono, akaja nayo ingali na baridi ya maji, akaketi kwenye kigoda na chupa ya losheni ya jua. Enzi hizo losheni ilikuwa nadra. Aliipata kwa watawa, na ilipokosekana tulibaki na kofia na mikono mirefu. Uso nilijipaka mwenyewe. Yeye alishughulika na sehemu ambazo mtu hajioni.

"Geuka," alisema, nami nikampa sikio. Alipaka ukingo, ndani ya mikunjo, nyuma yake, kisha akashuka shingoni mpaka ndani ya kola ya sweta. "Geuka." Sikio la pili. Halafu kichwa: alifuata mistari ya matuta ya nywele zangu mmoja mmoja kwa ncha ya kidole, kila mahali ngozi ya kichwa ilipoonekana. Nywele zilinata na mimi nililalamika. Mikono ilikuwa ya mwisho. Alidondosha losheni juu ya mgongo wa mkono mmoja, nami nikasugua migongo ya mikono yote miwili pamoja, ili viganja vibaki vikavu vya kushika kalamu.

Majirani walimcheka. Siku nyingi Mweiga huamka na ukungu, mlima hauonekani, safu ya Aberdare haionekani, hata ng'ombe wa jirani anasikika tu. Walimuuliza hilo jua la kupakiwa losheni liko wapi. Mama hakujua kuwaeleza. Alijua tu kwamba siku moja ya michezo shuleni, siku ya mawingu matupu, nilirudi na shingo nyekundu nisiweze kulala. Tangu siku hiyo mawingu hakuyaamini tena.

Mama alishafariki. Losheni siku hizi napata hospitalini bila shida, chupa kubwa kuliko zile zake. Lakini masikio ni sehemu ambazo mtu hajioni. Nilipaka uso vizuri, nikapitisha kidole masikioni haraka haraka, nikatoka. Nywele nilifunga kitambaa, na juu ya kitambaa kofia ya ukingo mpana mpaka kazini. Kwenye mlango wa chumba cha ushonaji kuna msumari, na msumari huo ulikuwa wangu. Nilitundika kofia asubuhi, nikaichukua jioni. Ndani ni ndani, nilijiambia. Kisha nilikwenda kwenye beseni nikanawa mikono kwa sabuni, kwa sababu losheni huacha alama nyeupe kwenye kitambaa cheusi, na mimi ndiye niliyekuwa nashona vitambaa vyeusi.

Hilo nalo lazima nilieleze, maana ndilo lililonipa kiti. Katika chumba chetu, anayeshona rangi za giza ndiye anayekaa dirishani. Sketi za buluu nzito, suruali nyeusi, uzi wa rangi hiyohiyo juu ya kitambaa cha rangi hiyohiyo: hiyo ni kazi ya macho mazuri na mwanga mzuri. Mimi macho mazuri sina. Lakini nina subira ya kuinamia kitu mpaka pua iguse, na ukinipa mwanga wa mchana ubavuni, kishono changu kinakwenda sawa kama reli. Madam alinijaribu wiki moja, akamhamisha aliyekuwa dirishani, akaniweka mimi. Hakuna aliyenung'unika kwa sauti. Sijawahi kupewa cheo kingine maishani, na sikukitafuta kingine.

Dirisha lenyewe ni la vyuma, kioo kikubwa kinachofunguka kwa nje, na linatazama mashariki. Chini yake kuna mapaa ya mabati ya maduka, yanayorudisha mwanga juu. Lilikuwa kushoto kwangu. Saa nne Madam alipotangaza chai, wenzangu waliteremka wakajipanga kwenye baraza la upande wa jua, migongo ukutani, vikombe mkononi, wakiota jua. Watu wa Nyeri tunaota jua kama watu wengine wanavyokwenda maombi. Mimi sikushuka. Nilibaki kitini, nikasogeza kitambaa nyuma ya sikio ili joto liingie vizuri, nikawaambia, "Mimi naota huku huku." Nilijiona mjanja.

Basi Madam alipouliza habari ya sikio moja, nilikaa na swali lake mpaka Jumapili, dada yangu mdogo alipokuja kunitembelea. Yeye anafanya kazi Nanyuki, katika udobi wa hoteli, na huja kunisuka. Nyumba yangu ilikuwa na baridi, kwa hiyo tulitoa kiti nje, kwenye kivuli cha ukuta. Kusuka matuta ni kazi ya masaa. Tulizungumza, tukacheka watu wote wa ukoo mmoja baada ya mwingine, na wakati huo kivuli kilikuwa kinahama polepole bila kuaga.

Alipofika upande wa kushoto akasimama. "Dada, hii sikio ni nini?"

"Kila mtu anauliza hiyo sikio. Madam anasema ati ni dirisha."

Kweli Madam alikuwa ameanza kusema hivyo. Dada yangu akacheka. "Dirisha haiwezi. Glasi inazuia. Wageni wetu wanakaa kwa dirisha ya dining siku mzima wakiangalia mlima, na hakuna mwenye anachomeka. Wakienda tu huko nje kwa swimming, masaa mbili, wanarudi wekundu. Mimi ndio nafua hizo taulo zao, losheni imejaa. Hakuna mtu anapaka losheni ya kukaa ndani."

Nilimwamini, kwa sababu nilitaka kumwamini. Kiti changu kilikuwa mikononi mwake pale.

Jumatatu nilimpelekea Madam ushahidi wa wageni wa Nanyuki. Alikwenda kwenye kabati la kioo lililo upande wa ngazi, pale anapoonyesha sare ili wazazi wazione wakipanda, akatoa sweta la kijani. Akalifungua mbele yangu. Mgongo wake ulikuwa kijani kibichi. Kifua, kilichokuwa kimeelekea jua, kilikuwa kimepauka mpaka kufanana na majani makavu.

"Hii ilikuwa nyuma ya glasi," akasema. "Haijawahi toka nje hata siku moja. Kama inafanyia sweta hivi, ngozi yako ni ya nani?"

Nikatazama sweta. Nikawafikiria wageni. Madam na dada yangu wote walikuwa wameona kwa macho yao, na wote wawili hawakuwa waongo, na mimi nilikuwa katikati na kigaga changu. Isitoshe kichwa kilikuwa kinaniwasha. Nilipofungua kitambaa chooni na kugusa, kila mstari kati ya matuta ulikuwa unauma, kwa sababu dada yangu alikuwa amefungua mistari mipya juu ya ngozi ambayo haikuwahi kuona losheni, na kivuli kilipohama sisi hatukuhama. Kwa hilo sikuwa na wa kumlaumu isipokuwa ukuta.

Nikaenda hospitali. Kliniki ya ngozi ilikuwa na daktari mwanamke, kijana kuliko mimi, mwenye utulivu ambao ulinikera kwa sababu sikuwa nao. Alikagua sikio kwa kioo cha kukuza. Akakagua na lile lingine, nyuma na mbele, shingo, mistari ya kichwa, migongo ya mikono. Aliweka mikono yangu sambamba mezani.

"Unaona hii ya kushoto? Ngozi iko rough kuliko ya kulia."

Sikuwa nimeona. Mimi ndiye mwenye mikono, lakini sikuwa nimeona.

Aliniambia kigaga kile hakijawa kansa, lakini ndicho kitu ambacho kikiachwa kinaweza kugeuka kansa, na kwa mtu kama mimi hatungoji. Akakipuliza kwa dawa ya baridi kali. Iliuma kuliko nilivyotarajia, kisha ikafa ganzi. Akasema patatoka lengelenge na ganda, nisibandue, nirudi baada ya wiki chache, na kikirudi tena atakata kipande kiende maabara. Yote hayo niliyaelewa. Kilichofuata ndicho sikukielewa.

"Unafanya kazi wapi?"

"Ndani. Nashona."

"Karibu na dirisha?"

"Iko upande wa kushoto," nikasema, kisha nikaongeza haraka, kama mtu anayemtetea ndugu yake, "lakini ni ya kioo."

Akatikisa kichwa. Nikamweleza habari ya wageni na habari ya sweta, nikamwambia anichagulie aliye sawa kati ya Madam na dada yangu. Akasema wote wako sawa.

"Daktari, haiwezekani."

"Inawezekana. Miale za jua si aina moja. Kuna ile inachoma ngozi inakuwa nyekundu. Hiyo, kioo inazuia karibu yote. Ndio maana wageni hawachomeki. Lakini kuna ingine inaingia ndani zaidi ya ngozi, inaharibu polepole, hiyo inapita kwa kioo. Hiyo ndio imesaidia kupausha sweta, pamoja na mwangaza wenyewe."

"Kwa hivyo dirisha ni mbaya ama si mbaya?"

"Kioo inasaidia, lakini si yote. Paka losheni hata ukiwa ndani, hasa sikio, shingo na mikono. Rudia mchana, na kila ukinawa. Na kama unaweza, sogea nyuma kidogo. Hatua chache tu mbali na dirisha, miale zinapungua sana."

Nilitoka pale nimekasirika kama mtu aliyeuliza njia akaambiwa kulia na kushoto zote zinafika. Kusaidia lakini si yote. Ningetaka aseme ndiyo, nijue nimeharibikiwa, au aseme hapana, nirudi kitini kwangu na kichwa juu. Na lile jambo la kusogea nyuma hakulijua uzito wake. Kwake zilikuwa hatua chache. Kwangu hatua chache ndiyo tofauti ya kuona na kutoona.

Nilifanya kosa la kumweleza Madam yote, neno kwa neno. Hakungoja nimalize. Kesho yake nilipofika, cherehani yangu ilikuwa imehamishwa mpaka ukuta wa nyuma, chini ya taa ya umeme, na fundi mwenzangu aliyekuwa akishona mashati meupe alikuwa ameketi dirishani. Alinitazama kwa haya. Madam akasema, bila kunitazama, "Hapo ni salama." Akaendelea kukata kitambaa.

Ilikuwa huruma. Sasa najua ilikuwa huruma. Siku ile niliona nimefukuzwa bila kuambiwa nitoke.

Taa ya umeme haina neno na ngozi, daktari alishaniambia, lakini kwa macho yangu mwanga wake hauna upande. Unamwagika juu ya kitambaa sawasawa, na buluu nzito inakuwa shimo. Nilishona marinda ya sketi kwa kugusa zaidi kuliko kuona. Nilipozipeleka sketi hizo dirishani zikaguliwe, Madam alizishika kwenye mwanga, akazigeuza ndani nje. Nilikuwa nimezishona kwa uzi mweusi. Chini ya taa, uzi mweusi na uzi wa buluu nzito ni ndugu pacha. Hakunikaripia, na heri angenikaripia. Aliketi akaanza kufumua mwenyewe, kishono kwa kishono, na baadaye akaniambia taratibu kwamba wiki ile nisaidie kukunja masweta na kuyatia mifukoni.

Nikakunja masweta. Nilihisi uchungu ambao sijui niueleze vipi bila kuonekana mtoto. Dada yangu alinipigia simu akasema mbona nisishukuru, si sikio litapona. Nikamwambia sikio litapona halafu litabaki kusikiliza cherehani za wenzangu. Usiku nilijiuliza maswali yaleyale. Kama kioo kinazuia ile inayounguza, kwa nini mara nyingine jioni nilitoka kazini na sikio limewaka moto? Na kama kinapitisha ile nyingine polepole, mbona fundi aliyekaa dirishani kabla yangu hakuwahi kulalamika? Hilo la pili nilijijibu mwenyewe, yeye ana rangi yake. La kwanza lilibaki limening'inia.

Jibu lilitoka mahali ambapo sikuwahi kukaa. Nilikuwa ukutani nyuma, nikikunja, nikatazama mbele bila kutafuta kitu. Kwa macho yangu dirisha lilikuwa doa kubwa la mwanga tu. Mbele ya doa hilo kulikuwa na sketi zilizotundikwa kwenye kamba, na sketi hizo zilikuwa zinayumba. Zinayumba taratibu, zote pamoja, kisha zinatulia, kisha zinayumba tena.

Niliweka sweta chini.

"Madam. Hiyo dirisha inafunguliwanga saa ngapi?"

"Nikiingia asubuhi. Kwani?"

"Na inafungwa?"

"Tukienda nyumbani. Pasi ni ya makaa, na iko hapo. Nikifunga, hiyo moshi si itatuua sote?"

Fundi wa dirishani aliinua mguu kutoka kwenye kanyagio. Meza ya pasi ilikuwa hatua moja kutoka kitini kwangu, imewekwa pale makusudi ili hewa ya makaa itoke, na mimi miaka yote nilikuwa nimeusikia upepo ukipita pembeni mwangu. Nilijua dirisha limefunguliwa. Bila shaka nilijua. Asubuhi za baridi ndiye mimi niliyelalamika. Lakini dirisha kichwani mwangu ni kitu cha kioo, hata likiwa wazi, kama mlango unavyobaki kuwa mlango. Daktari alipouliza, nilimjibu dirisha limetengenezwa kwa nini. Sikumwambia linakaaje. Kioo kilikuwa kimening'inia nje, kikikinga ukuta wa jirani.

Madam aliketi kwenye kiti cha wateja. "Kwa hivyo ni mimi," akasema. "Kila asubuhi ni mimi nilikuwa nafungua."

"Si wewe, ni makaa."

"Makaa haina mikono."

Sijawahi kumsikia Madam akisema kwa sauti ndogo vile. Nilitaka kumtania, nikashindwa.

Nilirudi kliniki siku yangu ilipofika, na kabla hata ya kuketi nilimweleza daktari. Hakucheka. Akasema dirisha likiwa wazi ni sawa na kukaa mlangoni. Jua linaingia lote, na hata lisipokuangukia, mwanga wa anga na wa mabati unaleta miale yake. Tena huku kwetu juu mlimani, karibu na ikweta, baridi inamdanganya mtu.

"Na kofia yako ilikuwa wapi?"

"Kwa msumari."

"Na losheni ya mikono?"

"Kwa beseni."

Hapo alicheka kidogo, na mimi pia. Sikio lilikuwa limepona vizuri, ngozi mpya ya waridi. Nikamuuliza sasa aniambie kwa uhakika, ni dirisha? Akasema hawezi kuapa. Inaweza kuwa dirisha, inaweza kuwa njia ya miaka yote ya kwenda shule, inaweza kuwa mkono wa miwani unafuta ile losheni kidogo niliyopaka. Yote yanajumlika. Kwa hiyo hata leo sijui, na nimechoka kumtafuta wa kumshtaki.

"Nirudi kwa kiti yangu ama nisirudi?"

"Kioo ifungwe. Upake losheni kama mtu anaenda nje. Kitambaa ifunike masikio. Kuna karatasi ya kubandika kwa kioo, ile clear, inazuia hata ile ingine. Ukiipata ni vizuri. Lakini usidanganywe na ile nyeusi ya magari. Giza si kinga, na wewe unataka kuona."

Hakusema ndiyo. Lakini hakusema hapana, na nimeanza kuzoea watu wasiosema moja kati ya hayo mawili.

Nilimpelekea Madam maneno hayo nikitarajia ubishi. Pasi ingebidi itoke mpaka kwenye varanda la nyuma. Anayepiga pasi angebeba sketi kwenda na kurudi, chumba kingekosa lile joto la makaa ambalo wote tunalipenda, na marinda yangejikunja njiani. Nilikuwa nimejiandaa kwa yote hayo. Alinisikiliza, akasema, "Sawa," akaendelea kupima.

Asubuhi iliyofuata nilifika mapema. Meza ya pasi ilikuwa varandani, makaa yameshika. Cherehani yangu ilikuwa dirishani, na fundi wa mashati amerudi mahali pake, akinipungia mkono. Dirisha lilikuwa limefungwa, komeo limeteremshwa. Kelele za mji zilikuwa zimebaki upande wa pili, na kwa mara ya kwanza nilisikia saa ya ukutani. Juu ya meza kulikuwa na lundo la sketi za buluu, na uzi wa buluu umeshatungwa kwenye sindano.

Nilipaka losheni kwenye mgongo wa mkono, nikaisugua kwa mgongo wa mkono wa pili, nikatazama viganja. Vilikuwa vikavu. Sijui ilikuwaje nikasahau jambo hilo miaka yote ile, nikanawa mikono kila asubuhi. Nilipaka shingo. Nilipitisha kidole sikioni, haraka haraka.

"Hapana," Madam akasema. Alikuwa amesimama nyuma yangu. "Hiyo umepaka hewa. Nyuma hakuna kitu, na hapa kwa nywele imebaki wazi."

"Sioni huko."

"Najua huoni. Lete."

Akachukua chupa, akanivua miwani, akaiweka juu ya sketi. Vidole vyake vilikuwa na chaki ya kukatia kitambaa, na vilikuwa baridi, kwa sababu pasi haikuwa tena ndani. Alipaka ukingo wa sikio la kushoto taratibu, pale kwenye ngozi mpya, kisha ndani ya mikunjo, kisha nyuma, akashuka mpaka ndani ya kola. Nilikaa wima nikitazama kioo. Tangu mama afe hakuna mtu aliyekuwa amenishika masikio.

"Geuka," akasema Madam.

Hakujua alilolisema. Nikageuka, nikampa la pili.